Kazi Isiyokufaa: Kukataa Bila Kupotezana

Tuseme ni mhasibu wa Dar es Salaam, ana cheti cha CPA na uzoefu wa miaka 6. Jumanne asubuhi anakuta meseji LinkedIn kutoka kwa afisa ajira asiyemfahamu: "Habari kaka. Nimeona wasifu wako. Tuna nafasi ya afisa mikopo Mwanza, kuanzia mwezi ujao. Tunaweza kuzungumza?" Yeye ni mtu wa hesabu za kampuni, si wa kufuatilia marejesho. Mkewe ni muuguzi hapo hapo Dar, na mtoto wao ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Kazi haimfai.

Wengi hapa hunyamaza. Wengine huandika, "Sawa dada, nitaangalia."

Jibu hili la pili ndilo lenye madhara zaidi. Kwetu "nitaangalia" mara nyingi ni hapana iliyositiriwa, na jirani anayekualika shereheni huielewa hivyo. Lakini afisa ajira ana mwajiri anayesubiri orodha fupi ya majina. Anaweza kuliingiza jina la mhasibu, akalitetea, kisha siku ya usaili simu ikaita bila kupokelewa. Aibu inambaki yeye. Maofisa ajira wengi huweka kumbukumbu pembeni ya kila jina, na maneno "alipotea siku ya usaili" hayafutiki upesi.

Kunyamaza nako kuna gharama ambayo wengi hawaijui. Meseji za LinkedIn ziitwazo InMail, zile za kumwandikia mtu asiye kwenye mtandao wako, hutumwa kwa salio linalolipiwa. Mpokeaji akijibu ndani ya siku 90, hata kwa kukataa, salio hilo humrudia aliyetuma. Akikaa kimya, limekwenda. Kwa hiyo hapana ya mistari minne inamsaidia kweli aliyeandika, na hana sababu ya kununa.

Mhasibu wetu angeweza kuandika hivi, siku hiyo hiyo au kesho yake:

"Habari za leo dada. Asante kwa kunifikiria kwa nafasi ya Mwanza. Kwa hii sitaendelea, kwa sababu mbili: kazi yangu ni uandaaji wa hesabu na kodi, si mikopo, na kwa sasa familia yangu iko Dar es Salaam. Ukipata nafasi ya mhasibu mwandamizi au meneja wa fedha hapa Dar, ningefurahi kuisikia. Nakutakia kila la heri katika kumpata mtu."

Kiini cha jibu hili ni "sitaendelea". Hakuna "labda" wala "tuone". Baada yake, kila sababu inabeba habari ambayo dada yule anaweza kuiandika: uhasibu na kodi, Dar, ngazi ya umeneja. Miezi ikipita na mteja akataka meneja wa fedha, hayo ndiyo maneno atakayoyatafuta. Angejibiwa tu "kwa sasa nimeridhika nilipo", asingekuwa na cha kuandika. Tena kama si kweli, litamsuta mhasibu siku atakapoomba kazi kupitia ofisi ile ile.

Sababu iwe ya kweli, na iwe ile inayozuia hasa. Ukisema mshahara ni mdogo, tegemea swali: wakiongeza je? Kama kikwazo ni Mwanza, pesa haitakiondoa, basi usiitaje, usije ukajikuta unakataa mara ya pili mtu aliyekwisha kukupigania kwa mwajiri. Na bosi wako wa sasa asiguswe hata kwa neno moja, maana hujui dada yule anafahamiana na nani.

Kuna wema mmoja unaohitaji tahadhari. Pengine mhasibu ana rafiki Mwanza aliyewahi kusimamia mikopo. Ni vizuri kumtaja, lakini namba yake isitumwe kabla hajaulizwa. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Na hata pasipo sheria, mwajiri wa rafiki huyo huenda hajui kwamba mtu wake anatafuta kazi kwingine. Ampigie kwanza. Akikubali, ndipo aandike: "Nina mwenzangu huko anayeifahamu kazi hii, ameniruhusu nikupe namba yake."

Mazungumzo hayo hubaki pale pale kwenye simu. Mwaka ukipita, mkewe akihamishiwa hospitali ya Mwanza, mhasibu hana haja ya kujitambulisha upya. Atafungua meseji ile ile na kuandika chini yake: "Habari za siku nyingi dada. Tuliongea kuhusu Mwanza mwaka jana nikakwambia familia iko Dar. Sasa tunahamia huko mwezi wa sita. Bado natafuta upande wa hesabu na kodi."