Mota Inapozunguka Tupu Hula Nini?

Saa nne asubuhi kwenye mashine ya kusaga, foleni ya ndoo imekwisha. Mwenye mashine hazimi mota, kwani anajua mteja mwingine atafika muda si mrefu. Mkanda unazunguka, kinu kinanguruma, lakini ndani hamna hata punje. Ukiweka kiganja kwenye mwili wa mota utakuta una vuguvugu, na baada ya nusu saa utakuwa umepata moto zaidi. Kama hakuna mahindi yanayosagwa, joto hilo linatoka wapi?

Joto hilo ni umeme ulioingia kwenye mota usigeuke kuwa kazi. Wahandisi huugawa upotevu huo kwa mahali unapotokea: kwenye shaba, kwenye chuma, kwenye msuguano wa beringi, na kwenye upepo unaosukumwa na feni. Upotevu wa shaba huongezeka kadiri mahindi yanavyomiminwa. Mwingine wote unabaki karibu vilevile, kinu kiwe kimejaa au kitupu.

Chukulia mota ya kawaida ya kinu cha mtaani: kilowati 7.5, fezi tatu, volti 400, mizunguko 1,450 kwa dakika. Ikibeba mzigo wake wote huvuta ampea 14.8 na kuingiza wati 8,523. Kwenye shafti zinatoka wati 7,500. Zile 1,023 zilizopotea ndizo za kutafutwa.

Sehemu kubwa imo kwenye shaba. Waya uliosukwa ndani ya stata una ukinzani, na mkondo ukipita unaupasha moto. Mwaka 1841 Mwingereza James Prescott Joule alichapisha kanuni yake: joto hulingana na mkondo uliozidishwa kwa mkondo wenyewe. Maana yake ni kwamba ampea zikiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Kwa mota ya fezi tatu kuna hesabu fupi ambayo fundi anaweza kuifanya kwenye kiganja: chukua ampea za waya mmoja, zizidishe kwa zenyewe, zidisha kwa ukinzani uliopimwa kati ya nyaya mbili, kisha zidisha kwa 1.5. Hesabu hiyo haijali kama mota imefungwa kwa nyota au kwa delta. Mota yetu ikiwa na moto ina omu 1.2 kati ya nyaya mbili, hivyo stata inapoteza wati 394.

Rota nayo ina sehemu yake. Inahesabiwa pamoja na shaba, ingawa mapao yake mara nyingi ni ya aluminiamu. Hapo hakuna waya wa kugusisha mita, lakini kasi yenyewe inatoa habari. Usumaku wa stata unazunguka mara 1,500 kwa dakika, rota inazunguka mara 1,450. Imebaki nyuma kwa moja ya thelathini, na moja ya thelathini ya nguvu iliyovuka kwenda kwenye rota huishia kuwa joto mle mle. Kwa mota hii ni wati 264. Kadiri kinu kinavyolemewa, rota inazidi kubaki nyuma, na joto lake linapanda.

Chuma kina tabia nyingine. Kiini cha stata hakikutengenezwa kwa pande moja la chuma. Ni mamia ya mabati membamba, unene wa karibu nusu milimita, yaliyopangwa pamoja na kila moja limepakwa ngozi ya kuzuia umeme. Usumaku unageuka upande mara 100 kila sekunde, na chuma kinakaidi kidogo kila kinapogeuzwa. Ukaidi huo ni joto. Halafu usumaku unaobadilika huzalisha vijimkondo vya umeme ndani ya chuma chenyewe, navyo vinakipasha moto. Ile ngozi kati ya mabati iko pale kuvikata vijimkondo hivyo visipate njia ndefu. Nguvu ya usumaku inatokana na volti za laini, si na mahindi. Ndiyo maana upotevu wa chuma, wati 200 kwa mota yetu, uko palepale tangu swichi inapowashwa mpaka inapozimwa. Hubadilika volti zinapobadilika: zikishuka hadi nusu, upotevu huu hushuka hadi karibu robo.

Msuguano na upepo huhesabiwa pamoja kwa sababu yote miwili inafuata kasi. Beringi zinazunguka kwenye grisi, na feni ya nyuma inasukuma hewa juu ya mapezi ya mwili. Kati ya kinu kitupu na kinu kilichojaa, kasi imepungua kutoka karibu 1,500 hadi 1,450 tu, kwa hiyo wati 70 za mota hii hazisogei sana. Kasi yenyewe ikibadilika mambo ni tofauti. Feni ileile ikizungushwa kwa kasi mara mbili hudai nguvu karibu mara nane, na ndiyo sababu mota za mizunguko 3,000 hupoteza zaidi kwenye upepo.

Ukijumlisha zote unapata wati 928. Zilizobaki, 95, ni za usumaku unaovuja na kupasha sehemu ambazo hesabu za awali haziwezi kuzifikia. Nazo hupanda na kushuka pamoja na mzigo.

Sasa punguza mahindi mpaka mota ibebe nusu ya mzigo, wati 3,750. Ampea hazishuki hadi nusu, kwa sababu sehemu ya mkondo ni ya kujenga usumaku, nayo inahitajika hata kinu kikiwa kitupu. Zinashuka hadi karibu 9.2. Hata hivyo upotevu wa stata umeanguka kutoka wati 394 hadi 143 hivi, na wa rota kutoka 264 hadi 64. Chuma, msuguano na upepo bado vinadai 270 zao. Jumla ni karibu wati 500, na ufanisi ni asilimia 88, uleule wa mzigo kamili. Shusha hadi robo ya mzigo, nao unaanguka hadi karibu asilimia 83, kwa kuwa zile wati 270 sasa zinatozwa kwenye kazi ndogo. Ufanisi wa mota huwa juu kabisa pale upotevu unaobadilika unapolingana na ule usiobadilika. Kwa mota hii hapo ni katikati ya nusu na robo tatu ya mzigo.

Namna ya kuzitenganisha wati hizi inafaa kujulikana, hasa kwa anayepeleka mota kusukwa upya. Kwanza mkanda unatolewa, kwa sababu kinu kitupu nacho kina beringi zake na upepo wake. Mota inaachwa izunguke peke yake mpaka usomaji utulie, grisi ikishapata moto. Kisha zinapimwa ampea, ukinzani na wati. Wati lazima zipimwe kwa mita ya wati, si kukisiwa kutoka kwenye klampu. Mota yetu ikiwa tupu inavuta ampea 6.5, karibu nusu ya mkondo wa mzigo kamili, na asiyejua angedhani inakula nusu ya umeme. Mita ya wati inaonyesha 333 tu.

Ndani ya hizo 333 mna shaba kidogo. Stata haijapata moto sana, ukinzani ni omu 1.0, hivyo 6.5 mara 6.5 mara 1.0 mara 1.5 ni wati 63. Zinabaki 270, chuma na msuguano na upepo vikiwa vimechanganyika. Hapo ndipo fundi anaposhusha volti hadi 200 kwa transfoma ya kurekebisha. Mota bado inazunguka kwa karibu kasi ileile, kwa hiyo beringi na feni havijui kama kuna kilichobadilika, lakini chuma kimebakiwa na robo ya upotevu wake. Sasa mita inasoma ampea 3 na wati 134. Ondoa 14 za shaba, zinabaki 120. Kutoka 270 hadi 120 zimepungua 150, nazo ni robo tatu za chuma. Chuma chote basi ni 200, na 70 ni za msuguano na upepo. Karakana kubwa hupima kwenye volti nyingi zaidi na kuchora mstari, maana chuma hakifuati kanuni ya robo kwa usahihi kamili, lakini njia ni hiyohiyo.

Tuseme mota hiyo iliungua, ikasukwa upya na kurudi. Inazunguka vizuri, klampu inasoma ampea 6.7, kila mtu ameridhika. Mita ya wati inasema 520. Ondoa 67 za shaba, zinabaki 453. Kwa volti 200 inasoma 180, na shaba ikiondolewa ni 166. Zimepungua 287, kwa hiyo chuma kimefika karibu wati 383, na msuguano na upepo ni 70 zilezile. Beringi hazina kosa. Kilichoharibika ni ile ngozi kati ya mabati. Karakana nyingi huchoma koili za zamani kwa moto ili shaba itoke kirahisi, na moto ukipita nyuzi 370 hivi za Selsiasi ngozi hiyo inaungua, mabati yanagusana na vijimkondo vinapata njia pana. Kosa lingekuwa la beringi kavu au grisi iliyojazwa kupita kiasi, wati zingeongezeka kwa kiasi kilekile kwenye volti 400 na kwenye 200.

Wati 183 za ziada zinaonekana ndogo. Mota ikiwashwa saa kumi kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni karibu uniti 48, na zinaliwa mahindi yawepo yasiwepo.

Kuna kosa moja ambalo kipimo hiki hakilioni vizuri. Fundi akisuka kwa waya mwembamba kuliko wa awali, mota tupu itaonekana karibu nzima, kwa kuwa mkondo bado ni mdogo. Joto litajitokeza foleni ikiwa ndefu, na zaidi jioni volti zinaposhuka na mota ikalazimika kuvuta ampea nyingi zaidi kwa mzigo uleule. Kosa hilo hukamatwa kwa ukinzani: kati ya nyaya mbili, mota ikiwa imepoa, omu ziwe zile za kabla haijasukwa.

Lakini za kabla hazijulikani kama hazikuandikwa. Mota ingali nzima, kipimo cha asubuhi moja mkanda ukiwa umetolewa kinatosha: volti, ampea, wati na omu, namba nne zilizoandikwa kwa kalamu ya rangi ndani ya kifuniko cha boksi la nyaya.