Barua kwa Kaka Anayekunywa

Dada anayemwandikia kaka yake kuhusu pombe huharibu mambo kwa neno moja tu: "mlevi." Akilifikia, kaka hukunja karatasi.

Mwanasaikolojia Robert Meyers wa New Mexico, Marekani, aliyeanzisha mafunzo ya CRAFT kwa jamaa za wanywaji, hufundisha njia nyingine: maneno machache, tukio moja lililotokea kweli, hisia za mwandishi mwenyewe, kisha msaada unaotekelezeka. Barua ya namna hiyo ingesomeka hivi: "Kaka, Jumamosi tulikungoja chakula hadi saa nne usiku. Niliingiwa na hofu. Najua tangu kazi iishe mambo yamekuelemea. Alhamisi nina nafasi. Nikusindikize kwa daktari?"

Hakuna lawama, na siku imetajwa. Apewe asubuhi, kabla hajaonja kitu.

Kosa linalofanywa kwa nia njema ni kuandika "acha leo hii." Anayekunywa sana kila siku akikatiza ghafla anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, hata kupata degedege ndani ya siku mbili hivi. Hali hiyo huweza kuua, ndiyo maana barua inamtaja daktari kwanza.