Siku ya Chanjo Huanzia Kwenye Rejesta

Huduma ya mkoba katika kijiji cha Tanzania huanza siku kadhaa kabla, muuguzi anapofungua rejesta kutafuta nafasi tupu: mtoto aliyepata pentavalenti ya kwanza akiwa na wiki 6, kisha hakurudi wiki ya 10. Majina hayo humpa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayejua ni familia gani imehamia shambani.

Tuseme watoto 12 wanahitaji chanjo ya surua na rubela. Chupa ina dozi 10, hivyo hubebwa chupa 2, maji yake ya kuchanganyia, mabomba ya sindano na sanduku la kutupia sindano. Chupa iliyochanganywa hutupwa baada ya saa 6, hata ikibaki dozi 8. Hasara hiyo ni halali. Kumrudisha mtoto wa 11 nyumbani siyo.

Barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza huweza kugandisha pentavalenti na kuiharibu. Huachwa nje mpaka pakiti ikitikiswa, maji yasikike ndani.

Kituoni mmoja huchoma, mwingine huandika. Jioni idadi ya waliochanjwa hulinganishwa na dozi zilizotumika, na majina ya waliokosekana hurudi kwa mhudumu yuleyule.