Shilingi ikae juu au chini?

Mwagizaji bidhaa wa Mombasa ananunua mashine kutoka Marekani, naye atatakiwa kulipa dola 500,000 baada ya miezi mitatu. Leo dola moja ni shilingi 130 za Kenya. Riba ya Kenya ni asilimia 12 kwa mwaka, ya Marekani asilimia 4. Je, mkataba wa kununua dola hizo baada ya miezi mitatu utakuwa na bei gani?

Mitihani ya uhasibu na fedha hupenda sana swali la namna hii, na watahiniwa wengi hulikosa ilhali fomula wanayo. Wanaofanya mitihani ya ACCA hata huwekewa kwenye karatasi ya maswali:

```
S1 = S0 × (1 + hc) / (1 + hb)
F0 = S0 × (1 + ic) / (1 + ib)
```

S0 ni kiwango cha leo cha kubadilisha fedha, yaani cha papo kwa papo. Herufi h ni mfumuko wa bei na i ni riba. Mstari wa kwanza ni usawa wa uwezo wa kununua, na hukadiria kiwango kitakachokuwepo sokoni siku zijazo. Wa pili ni usawa wa riba. Huo hutoa kiwango cha mbele, yaani bei ambayo benki inakubali leo kwa fedha zitakazokabidhiwa baadaye. Vinavyowachanganya watu ni vile vialama vidogo, c na b. Swali ambalo kila mwalimu wa somo hili amelisikia ni hili: "Mwalimu, ipi inakaa juu?"

Jibu limo katika namna kiwango kilivyoandikwa. Ukisoma shilingi 130 kwa dola moja, kinachohesabiwa ni shilingi, na dola imesimama kama kipimo. Sarafu inayohesabiwa ndiyo c, nayo hukaa juu. Sarafu iliyo moja ndiyo b, nayo hukaa chini. Kwa mwagizaji wetu, basi, riba ya Kenya inakaa juu na ya Marekani chini.

Wanafunzi wengi wamekariri kanuni nyingine, kwamba nchi ya nyumbani hukaa juu. Ikiwa kampuni ni ya Kenya na kiwango kimeandikwa kwa shilingi, kanuni hiyo itakupa jibu sahihi, na ndiyo maana watu huiamini. Ila watunga mitihani wanaijua. Wataleta kampuni ya Uingereza na kiwango cha dola 1.25 kwa pauni moja, riba ya Uingereza asilimia 6 na ya Marekani asilimia 4. Nyumbani ni Uingereza, lakini kinachohesabiwa ni dola. Kiwango cha mbele cha mwaka mmoja ni 1.25 × 1.04 ÷ 1.06, yaani dola 1.2264 kwa pauni. Aliyeweka Uingereza juu atapata 1.2740, na hesabu yake itaonekana safi kabisa machoni pake.

Kosa hilo hugundulika kwa ukaguzi wa sekunde chache. Sarafu yenye riba kubwa lazima iwe rahisi zaidi katika mkataba wa mbele kuliko ilivyo leo. Pauni ndiyo yenye riba kubwa, kwa hiyo inapaswa kununua dola chache zaidi kuliko 1.25. Jibu la 1.2740 linasema inanunua nyingi zaidi, na hapo hapo unajua umegeuza sehemu. Mfumuko wa bei nao hukaguliwa hivyo hivyo, kwani sarafu ya nchi yenye mfumuko mkubwa ndiyo inayotarajiwa kushuka.

Sasa turudi Mombasa. Mtego wa pili ni muda. Riba katika swali hutolewa kwa mwaka, na mkataba ni wa miezi mitatu. Asilimia 12 kwa robo mwaka ni asilimia 3, na asilimia 4 ni asilimia 1. Kiwango cha mbele ni 130 × 1.03 ÷ 1.01, yaani shilingi 132.57. Anayesahau kugawa riba ataandika 130 × 1.12 ÷ 1.04 na kupata 140 kamili, namba inayovutia kwa unadhifu wake lakini ni ya mkataba wa mwaka mzima.

Kwa nini iwe 132.57 na si namba nyingine? Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, maana anayeelewa hatua hizi hana haja ya kukariri fomula. Chukulia mwagizaji wetu hataki mkataba wa mbele. Anaweza kujitengenezea dola zake kwa njia ya amana. Anahitaji dola 500,000 baada ya miezi mitatu, na amana ya dola inazaa asilimia 1 kwa kipindi hicho. Leo, kwa hiyo, anatakiwa kuweka dola 500,000 ÷ 1.01, yaani dola 495,049.50. Kuzinunua kwa shilingi 130 kunamgharimu shilingi 64,356,436. Fedha hizo anazikopa benki kwa asilimia 3, na miezi mitatu ikiisha anadaiwa shilingi 66,287,129. Siku hiyo hiyo amana yake inafika dola 500,000 na anamlipa muuzaji wa mashine. Gawanya deni lake kwa dola 500,000 na utapata shilingi 132.57 kwa kila dola.

Hatua zilikuwa tatu: kukopa shilingi, kununua dola, kuweka dola. Fomula ya usawa wa riba ni hatua hizo hizo zilizofupishwa. Ile 1.03 iliyo juu ni gharama ya mkopo wa shilingi, na ile 1.01 iliyo chini ni faida ya amana ya dola. Mtahini akikuuliza kuhusu kujikinga kwa soko la fedha, swali ambalo mara nyingi huja katika sehemu inayofuata, umeshalijibu.

Benki isipofuata bei hiyo, kuna atakayenufaika. Tuseme benki inanunua na kuuza dola za miezi mitatu kwa shilingi 134. Mfanyabiashara wa fedha anakopa shilingi 130 na kununua dola moja, anaiweka ikawa dola 1.01, na papo hapo anafunga mkataba wa kuiuza dola hiyo 1.01 kwa 134. Muda ukifika anapokea shilingi 135.34, analipa deni la 133.90 na kubaki na shilingi 1.44 bila kubahatisha chochote. Atarudia kwa mamilioni, na wenzake watamfuata, mpaka wingi wa watu wanaouza dola za mbele uishushe bei kuelekea 132.57. Usawa huu basi unashikiliwa na watu wanaotafuta faida isiyo na hatari. Unahitaji mikopo ipatikane na fedha zivuke mipaka bila kizuizi. Katika msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, dola zilipokuwa adimu kwa benki za dunia, usawa huo ulilegea hata kwa sarafu kubwa.

Usawa wa uwezo wa kununua hauna ulinzi wa namna hiyo. Mchumi wa Sweden Gustav Cassel ndiye aliyeupa jina mwaka 1918, wakati bei zilikuwa zimepanda kwa kasi tofauti katika nchi zilizopigana Vita Kuu ya Kwanza. Hoja yake ni kwamba nchi ambayo bei zake zinapanda haraka kuliko za wenzake itaona sarafu yake ikishuka kufidia tofauti hiyo. Lakini hakuna mtu anayeweza kununua kinyozi Kisumu akamuuza New York, wala kodi ya nyumba haipakiwi melini. Marekebisho huja polepole, kwa miaka, kupitia bidhaa zinazouzwa nje na kununuliwa kutoka nje.

Kwenye mtihani hesabu yake ni nyepesi, na mtego ni mmoja tu, miaka mingi. Mfumuko wa Kenya ukitarajiwa kuwa asilimia 6 na wa Marekani asilimia 2, kiwango cha mwaka wa kwanza ni 130 × 1.06 ÷ 1.02, yaani shilingi 135.10. Kwa mwaka wa pili zidisha tena jibu hilo kwa 1.06 ÷ 1.02, upate 140.40, na wa tatu 145.90. Usitoe 2 kwenye 6 ukaongeza asilimia 4 kila mwaka. Hilo ni kadirio, na kosa lake hukua kila unapolirudia. Swali la kutathmini mradi wa nje ya nchi hutaka kiwango cha kila mwaka peke yake, kwa hiyo yaandike yote.

Baada ya hesabu huja sehemu ya maelezo, na hapo alama hupotea kwa sababu mtahiniwa anaziona fomula zote mbili kama utabiri. Kenya yenyewe inatoa mfano mzuri. Mwisho wa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 156. Riba ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 12.5, na ukomo wa juu wa riba ya Benki Kuu ya Marekani ulikuwa asilimia 5.5. Ukitumia riba hizo kutabiri, unapata karibu shilingi 166 baada ya mwaka. Ukitumia mfumuko wa bei uliopimwa mwaka ulipoisha, asilimia 3.0 kwa Kenya na 2.9 kwa Marekani, unapata kwamba kiwango kingebaki pale pale, karibu 156. Kilichotokea ni kwamba mwisho wa 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 129.

Sababu haikuwamo katika fomula yoyote. Kenya ilikuwa na deni la hati fungani la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni 2024, na soko liliogopa kwamba halitalipika. Hofu hiyo ilikuwa imeshaisukuma shilingi chini. Mwezi Februari serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5 na kuanza kununua lile deni la zamani kabla ya muda wake. Hofu ikatoweka, na shilingi ikapanda kwa kasi katika majuma machache.

Kwa mwagizaji, kiwango cha mbele ni bei anayofunga leo ili ajue atalipa nini. Kisifananishwe na ahadi ya bei ya soko siku ya malipo. Aliyefunga bei ya juu wakati dola ilikuwa ghali alilipa zaidi ya jirani yake aliyesubiri, na bado alipata alichonunua, yaani uhakika. Ukiulizwa mtihanini kama usawa wa riba na usawa wa uwezo wa kununua vinategemeka, tenganisha majibu. Wa kwanza hupanga bei za mikataba kwa usahihi pale fedha zinaposafiri kwa uhuru. Wa pili huelekea kuonekana katika miaka mingi na husaidia kidogo sana kwa miezi michache. Na kabla hujagusa kikokotoo, andika vipimo kando ya kila kiwango, "shilingi kwa dola" au "dola kwa pauni", kisha weka juu ile inayohesabiwa.