Hudi Nyeusi, Msimbo wa Kijivu

Muuzaji wa mitumba anaweka statasi kwenye WhatsApp: hudi nyeusi ya Nike yenye zipu ya mbele, "orijino, haijavaliwa sana". Picha ni tatu tu, ya mbele, ya mgongo na ya lebo ya shingoni. Wanunuzi wengi huikuza hiyo ya tatu, wakaona jina limeandikwa vizuri, wakatuma pesa.

Lebo ya shingoni ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Mtengeneza feki anajua utaanza kutazama hapo, kwa hiyo hapo ndipo anapotumia akili yake yote. Kuna jambo moja tu ninaloliangalia hapo, nalo ni matundu ya sindano yaliyobaki wazi pembeni mwa lebo. Matundu hayo ni dalili kwamba palikuwa na lebo nyingine, ikang'olewa, ikawekwa hii.

Baada ya hapo mwombe muuzaji picha ya ndani, kwenye mshono wa ubavuni, zilipo lebo za maelekezo ya kufulia. Katikati ya lebo hizo, nguo za Nike za miaka ya karibuni huwa na kipande kidogo chenye saizi na msimbo wa bidhaa. Msimbo una sehemu mbili zilizotengwa na kistari. Ya kwanza inataja aina ya nguo, na ya pili, tarakimu tatu, inataja rangi: 010 ni nyeusi, 100 ni nyeupe.

Tuseme picha imekuja na inasomeka hivi: BV2645-063. Andika msimbo huo ulivyo kwenye Google. Itakuja hudi ya zipu, jambo linaloendana na picha, lakini rangi yake ni kijivu kilichoiva chenye nyuzi za mchanganyiko, wakati ya muuzaji ni nyeusi. Ile nyeusi ingeishia na 010. Watengenezaji wa feki hujikwaa hapa mara kwa mara, kwa sababu huchapa lebo moja kwa wingi na kuishonea kila rangi na kila saizi.

Hata hivyo usimwite mtu tapeli bado. Taa ya usiku huweza kuifanya kijivu ionekane nyeusi, na mwenye rundo la hudi anaweza kukupigia picha lebo ya nguo ya jirani. Mwombe video fupi isiyokatwa, mchana, ianzie kifuani hadi kwenye lebo ile. Kitambaa kikibaki cheusi tii na lebo ikasoma 063, achana nayo.

Kwenye lebo hiyohiyo ya kufulia kuna namba inayoanzia na RN, inayotolewa na serikali ya Marekani kwa kampuni zinazouza nguo huko. Ya Nike ni 56323. Ukikuta namba iliyosajiliwa kwa kampuni isiyohusika kabisa, umepata jibu. Ukikuta iliyo sahihi, hujapata kitu, maana kunakili tarakimu tano hakuhitaji fundi.

Zipu nayo imezungukwa na imani za mitaani. Watu husema bila herufi YKK kwenye kichwa cha zipu, nguo ni feki. Si kweli. YKK ni kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1934, na makampuni makubwa ya nguo hununua zipu kwake na kwa wengine pia. Herufi hizo nazo huigwa. Ninachotafuta kwenye picha ya karibu ni ubora wa chuma chenyewe: herufi zilizozama kwa kina kimoja, kingo zisizo na mabaki ya chuma, rangi isiyobanduka pale kichwa kinaposuguana na meno.

Zipu ina kazi nyingine ambayo wachache huifikiria: ni rula. Picha iliyopigwa kwa kuinamisha simu hupinda kila kitu, hivyo huwezi kusema nembo imekaa upande kwa kuilinganisha na ukingo wa skrini. Ilinganishe na zipu. Omba hudi ilazwe mezani, zipu imefungwa, simu iwe juu yake moja kwa moja. Mstari wa chini wa maandishi unapaswa kukatiza zipu kwa pembe mraba, na midomo ya mifuko miwili ikutane kwa urefu mmoja kila upande. Tofauti ya milimita chache hutokea hata kiwandani kwa wenyewe. Mfuko mmoja ukipanda juu ya mwenzake kwa upana wa kidole, nguo hiyo haikukaguliwa na mtu.

Ugumu wa mtumba ni kwamba lebo za ubavuni huwasha, na mwenye nguo wa kwanza mara nyingi alishazikata kwa mkasi. Hapo hakuna picha itakayokuthibitishia chochote. Hudi inaweza kuwa halali kabisa, ila kwa bei ya hudi isiyo na jina.