Slaidi 38 za watu watano: kulipa, kuunganisha mwenyewe au kupandisha mtandaoni?

Ilikuwa Jumatano saa mbili usiku, na uwasilishaji ulikuwa Ijumaa asubuhi. Kwenye grupu la WhatsApp yalikuwa yameingia mafaili matano, kila moja na sura yake. La utangulizi lilikuwa la bluu, lenye slaidi 6. La tatizo, slaidi 7, lilikuwa jeupe tupu. La mbinu lilikuwa na slaidi 8 za umbo la zamani la 4:3, lile linaloacha pengo jeusi kila upande wa ukuta. Matokeo yalikuwa na slaidi 11 zilizojaa grafu, na mapendekezo slaidi 6 zenye maua kwenye kona. Jumla slaidi 38, MB 48, na mada moja: mahindi yanayoharibika ghalani baada ya mavuno. Tulipewa dakika 15.

Swali lililozuka ni lile la kila muhula: nani aunganishe, na kwa gharama gani? Pendekezo la kwanza lilikuwa kuchanga na kupeleka steshenari. Jirani na chuo kuna kijana anayetoza shilingi 500 kwa slaidi, kwa hiyo slaidi 38 zingekula 19,000, yaani 3,800 kwa kichwa. Si pesa ya kutisha kwa watu watano. Mimi ndiye niliyekataa, kwa sababu muhula uliotangulia nililipia kazi kama hiyo nikajuta.

Kazi ile ilipendeza kwelikweli. Rangi ilikuwa moja, pambizo zimenyooka, hakuna slaidi iliyoonekana mgeni. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tukaona jina la mhadhiri limekosewa herufi. Nikabofya ili nirekebishe, mstari wa kuandikia haukutokea. Jamaa alikuwa amezibandika slaidi zetu kama picha juu ya mandhari yake. Kila neno lilikuwa limekaukia ndani ya picha. Tangu siku ile, kabla sijatoa hela ya mwisho, nafungua slaidi tatu hivi na kubofya katikati ya sentensi. Mstari wa kuandikia ukipepesa, kazi ni ya kweli. Ukiona fremu ya picha tu inajitokeza, umeuziwa picha.

Hata kwa fundi mwaminifu, bei ya kwa slaidi ina mtego wake. Katika slaidi zetu 38, tano zilikuwa za jalada, maana kila mtu alijitengenezea la kwake. Tatu zilisema "Asanteni kwa kusikiliza". Maana ya upotevu baada ya mavuno ilielezwa kwenye utangulizi na kurudiwa kwenye tatizo. Ukibakiza jalada moja, shukrani moja na maelezo ya maana mara moja, umeondoa slaidi saba bila kugusa hoja yoyote. Kwa 500 kila moja, hiyo ni 3,500 ambayo ungelipa ili upambiwe takataka. Anayetaka kwenda steshenari apunguze kwanza, ndipo aende.

Lakini kabla ya kulinganisha bei za njia zote, kuna jambo moja la kupima, na kulipima ni bure. Kila slaidi mpya huja na nafasi zilizotayarishwa, ile ya juu inayokuambia ubofye uandike kichwa, na ile ya chini ya maelezo. Wapo wanaoandika humo. Wapo wanaozifuta na kuchora visanduku vyao wenyewe popote moyo unapopenda. Kwa macho huoni tofauti. Siku ya kuunganisha, tofauti ndiyo bei. Maandishi yaliyo kwenye nafasi zilizotayarishwa huufuata muundo mpya yenyewe: ukibadili kiolezo, kichwa kinahama, fonti inageuka, nukta zinajipanga. Yaliyo kwenye visanduku vya kuchora hubaki pale pale yalipowekwa, hata kama sasa yamekaa juu ya nembo.

Kupima, fungua kila faili kwenye PowerPoint, nenda View, kisha Outline View. Upande wa kushoto utaona maandishi ya faili zima yamejipanga kama muhtasari. Yanayoonekana hapo ndiyo yaliyoandikwa mahali pake. Slaidi inayoonyesha namba tu bila neno lolote, ilhali ukiitazama imejaa maandishi, imejengwa kwa visanduku. Faili letu la utangulizi lilionekana lote. Tatizo na mapendekezo vilevile, isipokuwa slaidi moja. Matokeo yalionyesha vichwa tu, jambo la kawaida kwa kuwa mengine yalikuwa grafu. La mbinu lilitoa namba 1 hadi 8, kimya kabisa.

Kwa hiyo tukajua: slaidi kama 30 zingekwenda haraka, na 8 za mbinu zingetaka kuandikwa upya. Kipimo hicho kilichukua dakika kumi, na ndicho kilichoamua njia.

Njia ya Google Slides ilikuwa na watetezi wawili. Haina ada, kila mtu anaingia na kurekebisha sehemu yake, na historia ya mabadiliko inabaki, kwa hiyo aliyefuta kwa bahati mbaya hawezi kukana. Unafungua faili jipya, unaingia File, kisha Import slides, unachagua za kuleta, na unaondoa tiki kwenye Keep original theme ili zivae sura ya faili lako. Gharama yake ni bando. MB 48 zilipaswa kupanda, na kila mmoja wetu atakayefungua naye anakula zake. Tungeweza kuvumilia hilo. Kilichotukataza ni grafu: zile zilizotengenezwa kwenye PowerPoint, zikishapandishwa na kubadilishwa, kwa kawaida hugeuka picha, na zetu zilikuwa bado zinasahihishwa tarakimu. Kundi lisilo na grafu, ambalo wanachama wake wako mikoa mbalimbali, nisingelishauri njia nyingine.

Canva ilitajwa na yule wa maua, tukaipita. Inapendeza ukiwasilisha humohumo, lakini darasa letu lina kompyuta ya zamani iliyounganishwa na projekta, mtandao wake hauaminiki, na faili la Canva likishapakuliwa kuwa la PowerPoint fonti huweza kubadilika na mistari ikavunjika pasipotarajiwa.

Ikabaki laptopu moja na mtu mmoja. Kwa fedha ni sifuri, kama programu imo tayari. Asiyekuwa nayo anaweza kutumia LibreOffice Impress isiyolipiwa, au PowerPoint ya mtandaoni ambayo Microsoft huitoa bure kwa mwenye akaunti, ila hii ya pili inahitaji bando muda wote. Gharama halisi ya njia hii ni usiku wa mtu, na katika makundi mengi mtu huyo ni yuleyule kila muhula. Sisi tulikubaliana kwamba mwunganishaji hachangii fedha za kuchapisha nakala ya mhadhiri. Hesabu hiyo iwekwe mezani mapema.

Nilifanya hivi. Nilichukua faili la utangulizi kuwa mama, kwa kuwa lilikuwa safi kuliko yote, nikaingia View, Slide Master, nikaweka fonti, saizi, rangi na nembo ya chuo humo, mara moja tu. Slaidi za wengine nilizinakili, nikabofya kitufe cha kulia mahali pa kubandika na kuchagua Use Destination Theme. Karibu nayo ipo Keep Source Formatting, ambayo inavutia kwa sababu haivurugi kitu siku hiyo. Tatizo ni kwamba kila faili linaingia na kiolezo chake, na ukibadilisha rangi baadaye inabadilika sehemu moja huku nyingine zikikutazama. Ukitaka kujua kama umefanya kosa hilo, rudi Slide Master: ukikuta slaidi kuu zaidi ya moja upande wa kushoto, una mafaili kadhaa ndani ya jalada moja.

Slaidi zilizokataa kunyooka nilizichagua na kubofya Reset kwenye Home. Vichwa vikarudi mahali pake. Fonti za ukaidi, zile ambazo mtu alizichagua kwa mkono, niliziwinda kwa Replace Fonts, iliyo chini ya Replace hapohapo kwenye Home, nayo hubadilisha hadi ndani ya visanduku. Faili la mbinu nililigeuza kwanza kuwa Widescreen, likiwa bado peke yake, nikakagua picha. Kipimo changu ni kitu chochote cha duara. Nembo ikiwa imegeuka yai, huenda na picha nyingine zimevutwa.

Kazi hiyo ilinichukua saa moja na nusu, nusu yake ikiwa ni zile 8 za mbinu. Nilidhani nimemaliza. Asubuhi mwenye matokeo akauliza mstari wa kijani umeenda wapi. Slaidi yake ilisema, "Mstari wa kijani unaonyesha mifuko isiyopitisha hewa." Rangi za grafu yake zilikuwa za kiolezo chake cha zamani, na zilipovaa kiolezo kipya kijani na nyekundu viligeuka bluu mbili, moja iliyoiva na moja mpauko. Hakuna programu inayokuonya kwamba sentensi inataja rangi ambayo haipo tena. Tuliandika jina la kila mstari penye mstari wenyewe, tukafuta maneno ya rangi. Tangu hapo, nikiunganisha natafuta neno "kijani", "nyekundu" na "hapo juu" katika faili zima.

Mtiririko ndio hauuzwi popote, si steshenari wala mtandaoni, kwa sababu anayejua hoja ni ninyi. Tulikaa Alhamisi jioni kwa saa mbili na ule muhtasari wa Outline View, tukisoma vichwa peke yake kwa sauti. Vichwa kama "Matokeo", "Matokeo yanaendelea" na "Matokeo 3" havikutuambia kitu. Tukavigeuza sentensi: "Dumuzi waliongezeka tangu mwezi wa pili", kisha "Magunia ya kawaida hayakuwazuia". Slaidi mbili zikikosa kuungana kwa neno "kwa hiyo" au "lakini", moja ilikuwa haina kazi au iko mahali pasipo pake. Slaidi za mbinu zilishuka kutoka nane hadi mbili, na mimi niliyeziandika upya usiku ule nilizitazama zikifutwa. Ningetanguliza kikao hiki ningelala mapema. Tuliishia na slaidi 16. Steshenari zingegharimu 8,000, na kwa idadi hiyo kumlipa fundi mwaminifu ni uamuzi wa busara kwa kundi ambalo hakuna mwenye laptopu.

Muhula huu nilituma kiolezo kitupu kwenye grupu kabla hatujagawana sehemu. Faili lenyewe halikufika hata MB moja. Wanne wamekitumia. Yule wa mbinu amekitumia pia, na Outline View yake inaonyesha namba 1 hadi 9, kimya.