Gari Linapogonga Mbele

Linki ya stebilaiza iliyolegea hugonga kwa mlio mwepesi wa haraka haraka, gari likienda polepole kwenye barabara mbovu ambako gurudumu moja hupanda huku jingine likishuka. Kwenye tuta linalokanyagwa na magurudumu yote mawili kwa pamoja mlio hupungua, kwa kuwa chuma cha stebilaiza hakipindwi. Linki hutikiswa kwa mkono magurudumu yote yakiwa chini. Likiinuliwa moja tu, chuma hukaza na kuficha ulegevu, na fundi mwenye haraka hudanganyika hapo. Mauntini ya shokapu mbovu hujitokeza gari likiwa limesimama: usukani ukizungushwa, kiganja kilichogusa springi kwa nje huhisi ikikwama kisha kuruka. Bushi ya amu iliyochanika hugonga kwa kishindo kizito kimoja, hasa breki inapokanyagwa au kuachiwa.